Damu ya Asubuhi, Majibu ya Mchana

Barua pepe ya kwanza niliiandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya wauguzi, saa nane mchana, huku mgonjwa akiwa bado amefungwa nyaya za kipimo cha moyo nyuma yangu. Ilikuwa na sentensi nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa na neno "uzembe". Nilikuwa nimeshaandika anwani ya meneja wa maabara, na katika sehemu ya nakala nikawaweka viongozi wote wa hospitali niliowakumbuka.

Sikuituma. Muuguzi kiongozi wa wodi yetu, mama aliyeanza kazi kabla mimi sijaingia darasa la kwanza, alisoma juu ya bega langu kisha akaniuliza: "Dokta, hiyo damu ilitoka hapa wodini saa ngapi?"

"Asubuhi, Sista."

"Asubuhi saa ngapi?"

Sikujua. Yeye pia hakujua, na fomu haikusema. Maabara ingenijibu kwa swali hilo hilo, na barua yangu ingekufa siku hiyo hiyo. Barua iliyokuja kutumwa ilichukua wiki mbili kuandaliwa, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu watu wengi wanaosubiri majibu ya vipimo, wagonjwa na madaktari kwa pamoja, hudhani kuchelewa ni jambo moja linalotokea mahali pamoja. Sivyo.

Nianze na mgonjwa. Alikuwa kijana wa miaka 19 mwenye kisukari cha kutegemea insulini. Aliletwa saa tano usiku akiwa anapumua haraka na kwa kina, mdomo umekauka, sukari iko juu sana na mkojo una ketoni nyingi. Hali hiyo hutokea mwili unapokosa insulini: unashindwa kutumia sukari, unaanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo yanaacha asidi kwenye damu. Tiba yake ni maji ya dripu, insulini na potasiamu. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayoua kimya kimya.

Potasiamu ni chumvi inayoishi zaidi ndani ya chembe za mwili. Karibu asilimia 98 yake imo humo, na kile kidogo kinachoelea kwenye damu ndicho tunachokipima. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Mgonjwa kama huyu amekuwa akikojoa potasiamu kwa siku kadhaa, kwa hiyo akiba ya mwili wake imepungua sana. Lakini ukimpima anapofika, mara nyingi namba inaonekana nzuri, hata kubwa, kwa kuwa ukosefu wa insulini umeifanya potasiamu itoke ndani ya chembe na kumwagika kwenye damu. Ni kama ghala lililomwaga mahindi yake uani: anayepita nje anaona mahindi mengi, kumbe ndani ni patupu. Ukimpa insulini, potasiamu inarudi ndani ya chembe kwa kasi, na kiwango kwenye damu kinaporomoka. Kikishuka sana, misuli inalegea na moyo unaanza kupiga bila mpangilio.

Ndiyo maana miongozo inakataza kuanza insulini kabla ya kujua potasiamu. Ile ya zamani ilitaja 3.3 kama kiwango cha kusubiri, na ya karibuni imepandisha hadi 3.5. Ukishaanza, unarudia kipimo kila baada ya saa mbili hadi nne. Kipimo hiki kina umri mfupi sana: namba ya saa tano usiku haiwezi kukuongoza saa nne asubuhi.

Kijana wetu alipofika alikuwa na 4.6. Tukaanza insulini, uniti tano kwa saa kulingana na uzito wake wa kilo 52, na tukaongeza potasiamu kidogo kwenye dripu. Sampuli iliyofuata ilipaswa kuchukuliwa saa nane au saa tisa usiku. Haikuchukuliwa. Hilo lilikuwa kosa la wodi, na niliona haya kuliandika, lakini nililiandika. Ilichukuliwa saa 12 na dakika 10 asubuhi. Saa sita mchana kijana akasema miguu imekuwa mizito kama si yake. Tulipompima umeme wa moyo, wimbi ambalo kwa kawaida huinuka vizuri baada ya kila pigo lilikuwa limelala bapa, na nyuma yake kimejitokeza kiwimbi kidogo kisichotakiwa kuonekana hivyo. Hiyo ni picha ya potasiamu iliyoshuka. Nikasimamisha insulini, tukampa potasiamu kwa dripu, polepole, maana potasiamu ikisukumwa kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa inasimamisha moyo. Saa 7 na dakika 40 mchana mhudumu akaingia na rundo la karatasi. Mojawapo ilikuwa ya kijana wetu: potasiamu 3.1.

Saa saba na nusu zilikuwa zimepita tangu damu itoke mkononi mwake. Alipona, na wiki iliyofuata alirudi nyumbani. Lakini moyo wake ndio uliotuambia, si maabara.

Sista aliponiuliza lile swali, tuliamua kufuatilia tyubu hiyo moja. Niliuliza kila mtu aliyeigusa, bila kumtisha yeyote, na hivi ndivyo ilivyosafiri. Baada ya kuchukuliwa, iliwekwa kwenye trei ya sampuli mezani kwetu. Mhudumu alikuwa akifanya usafi na kusaidia kugawa uji, kwa hiyo alizichukua sampuli zote kwa pamoja na kuzifikisha kwenye dirisha la maabara saa 2 na dakika 5. Hapo saa moja na dakika 55 zilikuwa zimeshakwenda, na maabara haikuwa hata na habari kwamba tyubu ipo. Ikaandikishwa, kisha ikasubiri, kwa sababu zamu ya asubuhi ilikuwa ikipima kwanza sampuli za udhibiti wa ubora, zile ambazo jibu lake linajulikana na hutumika kuhakikisha mashine haidanganyi. Ikazungushwa kwenye mashine saa 3 na dakika 20, ikapimwa, na jibu likawa tayari saa 3 na dakika 50. Ndani ya maabara ilikaa saa moja na dakika 45. Kisha karatasi ikachapwa na kuwekwa kwenye kisanduku cha wodi yetu, kwenye korido, ikakaa humo hadi mhudumu alipokwenda kuchukua majibu ya wodi nzima mchana. Saa tatu na dakika 50 jibu lilikuwa limekamilika, sahihi imewekwa, na hakuna aliyelisoma.

Niliposhika karatasi yenye hesabu hiyo, hasira yangu ilikosa pa kukaa. Zaidi ya nusu ya muda wote jibu lilikuwa tayari limelala kwenye kisanduku. Robo nyingine ilipotea mezani kwetu. Maabara, niliyokuwa nimeiita ya wazembe, ilichukua chini ya robo.

Hata hivyo haikuwa imetoka bila lawama, na hapa inabidi nieleze kinachotokea ndani ya tyubu inayosubiri, kwa sababu jibu lililochelewa mara nyingi si jibu lile lile lililofika baadaye. Damu iliyo kwenye tyubu bado ina uhai. Chembe zake zinaendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo sukari ya kwenye tyubu ya kawaida inashuka wakati sukari ya mgonjwa haijashuka. Potasiamu nayo, iliyojaa ndani ya chembe nyekundu, huanza kuvuja kadiri muda unavyosonga. Kuiweka damu nzima kwenye jokofu, jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema, huzidisha uvujaji huo, maana baridi inazima pampu za chembe zinazoishikilia potasiamu ndani. Na damu ikitikiswa au ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu yake yote. Dawa ni kuizungusha damu mapema ili majimaji yatengane na chembe, kwa kawaida ndani ya saa mbili tangu ichukuliwe. Tyubu yetu ilizungushwa baada ya zaidi ya saa tatu. Hivyo ile 3.1 huenda ilikuwa imepambwa, na potasiamu ya kweli ya kijana ilikuwa chini zaidi.

Basi tukaanza daftari. Wodi yetu ya wanaume, siku 14, kila ombi la dharura la potasiamu, na nyakati nne tu: damu ilitoka lini, ilifika dirishani lini, jibu lilikamilika lini, na daktari aliliona lini. Nyakati mbili za kati tuliziomba kwa wataalamu wa maabara wenyewe, nao walitupa bila kinyongo.

Siku ya pili daftari likatuonyesha tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria. Muuguzi mmoja aliandika 2:05, akimaanisha saa mbili na dakika tano asubuhi, kama tunavyohesabu sote nyumbani. Mwingine aliandika 08:05 kwa wakati huo huo. Mashine ya maabara huchapa kwa mtindo wa saa 24. Sampuli moja ilionekana imefika maabara saa sita kabla haijachukuliwa. Juu ya hayo, saa ya ukutani ya wodi ilikuwa nyuma ya ile ya maabara kwa dakika tisa. Tukakubaliana: kwenye fomu na daftari ni saa 24 tu, na tunaangalia simu, si ukuta. Mdomoni tuliendelea kusema saa mbili asubuhi, kama kawaida.

Mwisho wa siku 14 tulikuwa na maombi 41. Sikutumia wastani, kwa sababu tyubu moja iliyopotea siku nzima inauvuta wastani hadi usimwakilishe mtu yeyote. Nilizipanga zote 41 kuanzia iliyowahi hadi iliyochelewa, nikaitazama ile ya katikati, ya 21. Ilikuwa saa tano na dakika 20. Zilizorudi ndani ya saa mbili zilikuwa 6. Kisha kwa kila moja nikauliza: kipande kipi cha safari kilikula muda mwingi zaidi? Katika 17 ilikuwa wodini, kabla sampuli haijaondoka. Katika 9 ilikuwa ndani ya maabara. Katika 15 jibu lilikuwa limekamilika na linasubiri kusomwa.

Barua iliyotumwa Jumatatu asubuhi ilikuwa hii. Nimeondoa yale tu yanayoweza kumtambulisha mtu au hospitali.

Kwa: Meneja wa Maabara
Nakala: Mkuu wa Idara ya Tiba, Muuguzi Kiongozi, Wodi ya Wanaume

YAH: MAJIBU YA POTASIAMU YA DHARURA KUCHELEWA KUFIKA WODINI

Ndugu Meneja, habari za kazi.

Ninaandika kulalamika rasmi kuhusu majibu ya potasiamu ya dharura, na ninaomba lalamiko hili liandikwe kwenye daftari lenu la malalamiko.

Kuanzia Jumatatu tarehe 4 hadi Jumapili tarehe 17 wodi yetu ilituma maombi 41. Ni 6 tu yaliyofika machoni pa daktari ndani ya saa mbili tangu damu itoke. Lile la katikati lilichukua saa tano na dakika 20. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye insulini alipata dalili za potasiamu kushuka, zilizoonekana kwenye kipimo cha moyo, wakati jibu lake la 3.1 likiwa limekamilika tangu 09:50 na halijatufikia. Alinusurika. Siko tayari kusubiri wa pili.

Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huu ni yetu. Katika maombi 17 sampuli ilikaa wodini muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na fomu zetu nyingi hazikuwa na saa ya kuchukua damu. Kuanzia leo sampuli ya dharura inaondoka peke yake ndani ya dakika 15, haisubiri nyingine, na fomu yake ina saa ya kuchukuliwa na maneno "yuko kwenye insulini" pale inapohusika. Muuguzi Kiongozi ameshapanga mhudumu wa kazi hiyo kwa kila zamu.

Kwenu ninaomba mambo matatu. Kwanza, tukubaliane muda: jibu la potasiamu ya dharura liwe tayari ndani ya saa moja tangu tyubu ipokelewe dirishani. Pili, mgonjwa aliye kwenye insulini akipatikana na potasiamu chini ya 3.5, mtaalamu apige simu wodini papo hapo, atuambie namba, nasi tumrudie namba hiyo kabla ya kukata simu. Tatu, mtueleze kama mashine yenu inaweza kupima potasiamu kwenye tyubu ya kifuniko cha kijani, ili tusisubiri damu igande.

Nimeambatanisha jedwali la maombi yote 41, kwa namba za sampuli bila majina. Mkiona saa yoyote si sahihi, tafadhali isahihisheni.

Naomba tukutane Alhamisi tarehe 21, saa 14:00, maabara kwenu. Nisipopata jibu hadi Jumatatu tarehe 25, nitalipeleka suala hili kwa Mganga Mfawidhi pamoja na jedwali hili hili.

Wako katika kazi,
Daktari wa Wodi ya Wanaume

Neno "rasmi" na ombi la kuandikwa kwenye daftari la malalamiko havikuwa vitisho. Maabara nyingi za Afrika zinafuata mpango wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa Kigali mwaka 2009, unaozipa nyota kuanzia sifuri hadi tano kadiri zinavyopanda kuelekea kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Kiwango hicho kinaidai maabara iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko, na toleo lake la mwaka 2012 lilisema wazi kwamba muda wa kutoa majibu upangwe kwa kushauriana na wanaoyatumia. Lalamiko la kusema koridoni halihesabiki popote. Likiandikwa, linampa meneja karatasi ya kumwonyesha bosi wake anapoomba mashine nyingine, na meneja wetu, kama nilivyokuja kujua, alikuwa akiomba mashine kwa muda mrefu.

Sikumwekea Mganga Mfawidhi nakala mara ya kwanza, ingawa wenzangu wawili walinisukuma nifanye hivyo. Mtu akisomewa makosa yake mbele ya mkubwa wake kabla hajapata nafasi ya kujibu, atajitetea, na utetezi hauharakishi damu. Lakini tarehe ya kumfikia mkubwa niliiandika waziwazi, ili upole usichukuliwe kuwa woga. Naamini hadi leo kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoifanya barua ijibiwe Jumatano na si mwezi uliofuata.

Ombi la tatu, la tyubu ya kijani, linahitaji maneno machache. Tyubu nyekundu ya kawaida huachwa damu igande kwa dakika 30 hivi kabla haijazungushwa. Ukiiharakisha, nyuzi za damu iliyoganda nusu huziba sindano ya mashine. Tyubu ya kijani ina dawa ya heparini inayozuia kuganda, kwa hiyo inaweza kuzungushwa mara tu inapofika. Kuzungusha ni kama dakika 10, na mashine yenyewe hutoa jibu la potasiamu kwa dakika chache. Tofauti ya hizo tyubu mbili ni nusu saa. Ila maabara haiwezi kubadili tyubu kwa sababu daktari ameomba. Lazima ipime kwanza sampuli za mtu yule yule katika tyubu zote mbili na kulinganisha, maana damu inapoganda huachia potasiamu kidogo, na namba za nyekundu huwa juu kidogo kuliko za kijani.

Alhamisi meneja alitukaribisha akiwa na jedwali lake mwenyewe. Kati ya sampuli zetu 41, alisema, 11 zilifika bila saa ya kuchukuliwa, na 5 zilikuwa na majimaji mekundu kwa sababu chembe zilikuwa zimepasuka. Hizo tano walizikataa na kuomba damu nyingine, nasi tulikuwa tumehesabu muda wote huo kuwa ni wao. Nikasahihisha. Kisha akatuonyesha mashine mbili za kuzungushia damu. Moja ilikuwa imefunikwa kitambaa, imeharibika. Iliyobaki walikuwa wakiisubiri ijae ndipo waiwashe, ili isichoke nayo. Hakuna mtu wa wodini aliyejua hilo, na hakuna mtu wa maabara aliyejua kwamba mgonjwa wa insulini ana haraka kuliko wengine, kwa kuwa fomu zetu ziliandikwa "kisukari" tu.

Hilo la mwisho lilinigusa kuliko yote. Maabara hupiga simu majibu yanapovuka mipaka ya hatari, na kwa potasiamu ya chini mipaka hiyo mara nyingi huwa 2.5 au 2.8. Jibu la 3.1 halikuvuka. Kwa mgonjwa mwingine yeyote, mtaalamu aliyeliweka kisandukuni alifanya sawasawa. Namba ile ilikuwa hatari kwa sababu ya dripu iliyokuwa ikitiririka kando ya kitanda, na dripu hiyo sisi tu ndio tulioiona.

Walikubali kuizungusha tyubu ya dharura hata ikiwa peke yake, huku tyubu nyingine yenye maji ikiwekwa upande wa pili ili mashine isiyumbe. Walisogeza vipimo vya udhibiti wa ubora hadi saa 1 asubuhi, kabla sampuli za wodi hazijaanza kumiminika. Simu walikubali kwa sharti kwamba itapokewa. Wodi yenye simu inayolia bila mtu kuishika haina haki ya kulalamika, na Sista akaichukua simu ile kutoka kwenye kabati la dawa na kuiweka mezani. Ulinganisho wa tyubu ya kijani walituambia utachukua wiki kadhaa, na ulichukua.

Muda wa saa moja hawakuukubali. Waliniambia saa moja na nusu, hadi mashine ya pili itengenezwe, kwa sababu hawataki kusaini ahadi watakayoivunja siku ya kwanza. Nilibishana kidogo, kisha nikaona ni jibu la watu wanaokusudia kutimiza.

Baada ya mwezi tulifungua daftari tena kwa siku 14. Maombi yalikuwa 38. Yaliyorudi ndani ya saa mbili yalikuwa 22, na muda wa katikati ulikuwa saa moja na dakika 50. Yaliyochelewa yalikuwa 16, nami nikayaangalia moja moja. Kumi na tatu kati yake yalikuwa ya damu iliyochukuliwa baada ya saa nne usiku.

Usiku maabara ina mtaalamu mmoja. Ndiye anayepima malaria, ndiye anayepima damu ya wagonjwa wote wa dharura, na ndiye anayelinganisha makundi ya damu kwa ajili ya akina mama wanaotoka damu wodi ya wazazi. Niliandika barua ya pili, fupi, na safari hii tuliisaini pamoja, mimi na meneja wa maabara, tukaipeleka kwa Mganga Mfawidhi kuomba mtu wa pili wa usiku. Hadi naandika haya, mtu huyo hajapatikana.

Lakini kuna kitu kimoja mtaalamu wa usiku alianza kukifanya bila barua yoyote kumwagiza. Wiki chache zilizopita simu ya mezani ililia saa nane na nusu usiku. "Dokta," alisema, "nina mama huku anahitaji chupa tatu za damu. Potasiamu yako nimeshaizungusha nikaitenga, lakini kuipima ni baada ya dakika 40, si kabla." Nikamshukuru, nikapunguza kasi ya insulini, nikamwita muuguzi alete mashine ya kupimia umeme wa moyo, tukamfunga mgonjwa nyaya na kuangalia wimbi lake tukiwa tunasubiri.